Kukata picha ya kitu kilichofanana rangi na nyuma yake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanahusu hali moja ambayo huwasumbua wengi wanaokata picha: kitu na mandhari yake ya nyuma vina rangi zinazokaribiana mno, kiasi kwamba jicho linaona mpaka lakini kompyuta haiuoni. Ili tusizungumze hewani, majibu yote yanafuata picha moja: mkoba wa ngozi wa kahawia uliowekwa juu ya meza ya mbao ya kahawia, mwanga ukitoka upande wa kushoto. Majina ya menyu ni ya Photoshop, na mtumiaji wa GIMP ana swali lake karibu na mwisho.

## Kwa nini Magic Wand inachukua mkoba na meza kwa pamoja?

Kwa sababu unaiomba itofautishe vitu ambavyo kwa kipimo chake ni kitu kimoja. Magic Wand, zana ya kuteua sehemu ya picha kwa kubofya, hufanya kazi kwa kulinganisha namba. Ukibofya pikseli, inachukua pikseli jirani zote ambazo thamani zao haziko mbali kuliko kiwango cha Tolerance, na kiwango hicho kikiwa hakijaguswa ni 32.

Sasa tazama picha yetu. Ngozi ya mkoba, sehemu inayopata mwanga vizuri, ina thamani hizi: Red 142, Green 96, Blue 62. Mbao iliyo pembeni yake ina Red 150, Green 108, Blue 88. Tofauti ni 8, 12 na 26. Zote tatu ziko chini ya 32, kwa hiyo ukibofya meza, mkoba nao unaingia. Ukishusha Tolerance hadi 10, zana inaanza kuikataa hata meza yenyewe, kwa sababu mishipa ya mbao inatofautiana yenyewe kwa yenyewe kwa zaidi ya hapo. Quick Selection ina ujanja zaidi wa kutafuta kingo, lakini ukingo wa mkoba huu ni hafifu kuliko mishipa ya mbao, basi inakimbilia mishipa.

Hata hivyo, zile namba tatu zina habari njema ndani yake. Tofauti hazilingani. Red imekaribia kutokuwa na tofauti yoyote, ilhali Blue ina tofauti kubwa mara tatu ya ile ya Red. Unapotazama picha ya rangi kamili, unaona mchanganyiko wa zote tatu, na zile mbili zinazofanana zinaificha ile moja inayotofautiana. Kazi yote ya kukata kwa chaneli, yaani kwa rangi moja kati ya hizo tatu, ni kuitoa hiyo moja na kuiacha ifanye kazi peke yake.

## Nitajuaje chaneli ipi ina tofauti kubwa?

Kuna njia mbili, na nakushauri utumie zote kwa kuwa hazichukui hata dakika moja.

Ya kwanza ni kutazama. Bonyeza Ctrl+3 uone Red, Ctrl+4 uone Green, Ctrl+5 uone Blue, kisha Ctrl+2 urudi kwenye picha kamili. Kila chaneli itaonekana kama picha ya kijivu. Usitafute ile iliyo nzuri. Tafuta ile ambayo mkoba umejitenga na meza, hata kama picha yenyewe ni ya giza na ina chembechembe. Katika vitu vya kahawia, vya njano na vya rangi ya ngozi ya binadamu, mara nyingi Blue ndiyo inayoleta jibu, kwa sababu rangi hizo hutofautiana hasa kwa kiasi cha buluu zilichokosa.

Ya pili ni kupima. Chukua Color Sampler Tool, na juu kwenye Sample Size chagua 5 by 5 Average badala ya Point Sample. Hili ni muhimu kuliko linavyoonekana: pikseli moja inaweza kuwa chembe tu ya kelele za kamera ikakudanganya, lakini wastani wa pikseli 25 hausemi uongo kirahisi. Weka alama nne: mkoba penye mwanga, meza penye mwanga, mkoba penye kivuli, meza penye kivuli. Fungua paneli ya Info kwa F8 uzisome. Wengi hupima penye mwanga tu, wakafurahi, kisha wakashangaa upande wa kivuli unapoharibika. Zile alama mbili za kivuli zitakuja kutusaidia baadaye.

## Hatua za kukata kwa chaneli hiyo ni zipi?

Kwanza badilisha picha iwe 16 Bits/Channel kupitia Image > Mode. Sababu yake iko kwenye swali linalofuata.

Fungua paneli ya Channels, bofya Blue kwa kitufe cha kulia, chagua Duplicate Channel. Utapata Blue copy chini kabisa. Kuanzia hapa fanya kila kitu kwenye nakala hiyo. Ukiivuta chaneli ya Blue yenyewe, umeivuruga rangi ya picha nzima.

Ukiwa kwenye Blue copy, fungua Curves kwa Ctrl+M. Utaona mstari unaopanda kutoka pembe ya chini kushoto hadi pembe ya juu kulia. Tunataka ngozi ya mkoba, iliyo karibu na 62, iwe nyeusi kabisa, na mbao, iliyo karibu na 88, iwe nyeupe kabisa. Vuta ile nukta ya chini kushoto kuelekea kulia mpaka Input isome 66 huku Output ikibaki 0. Kisha vuta nukta ya juu kulia kuelekea kushoto mpaka Input isome 84 na Output ibaki 255. Mstari sasa umesimama karibu wima, na mkoba umetokea kama kivuli cheusi juu ya meza nyeupe.

Kwa nini 66 na 84, na si 62 na 88 zenyewe? Kwa sababu 62 ni wastani. Nusu ya pikseli za ngozi ziko juu kidogo ya hapo, na ukiweka nukta kwenye wastani, nusu hiyo itabaki ya kijivu. Ukisogea ndani kidogo kutoka pande zote mbili, pikseli nyingi zinatua kwenye weusi au weupe kamili, na bado unabaki na nafasi katikati kwa ajili ya pikseli za ukingoni, ambazo kweli zinapaswa kuwa za kijivu. Ukizikaribianisha nukta hizo mno, kwa mfano 74 na 76, ukingo unakuwa wa ngazi kama umekatwa kwa mkasi butu.

Geuza kwa Ctrl+I ili mkoba uwe mweupe, kwa kuwa kwenye maski, yaani picha ya kijivu inayoamua kipi kionekane na kipi kifichwe, nyeupe ndiyo inayoonyesha. Ndani ya mkoba kutakuwa na madoa meusi, na huko mezani madoa meupe. Yaliyo mbali na ukingo usiyahangaikie kwa Curves: zungushia Lasso ndani ya mkoba, ujaze nyeupe, zungushia nje, ujaze nyeusi. Chaneli tunaihitaji kwa ajili ya mpaka tu. Ikikupa mpaka safi, sehemu za kati ni kazi ya brashi.

Mwisho, shika Ctrl na ubofye kijipicha cha Blue copy ili kiwe uteuzi, bonyeza Ctrl+2, rudi kwenye Layers, chagua leya ya picha na ubofye alama ya Add layer mask. Kama leya bado inaitwa Background na ina kufuli, bofya kufuli hilo kwanza.

## Mbona maski yangu imejaa chembechembe?

Kwa sababu Curves haijui lipi ni mkoba na lipi ni chembe. Inapanua kila tofauti inayoikuta. Tulichukua nafasi ya hatua 18, kuanzia 66 hadi 84, tukaitandaza ienee hatua 255. Huo ni upanuzi wa mara 14. Chembe iliyokuwa imetofautiana na jirani yake kwa hatua 2, jambo ambalo usingeliona kwenye picha ya kawaida, sasa inatofautiana kwa hatua 28, na inaonekana kama mchanga uliomwagwa juu ya maski.

Blue inaumia zaidi. Kamera nyingi zina kichujio cha Bayer, ambamo nusu ya vipokezi hupokea kijani, robo nyekundu na robo buluu. Zaidi ya hapo, chini ya taa zenye mwanga wa njano buluu hufika kidogo, na kamera hulazimika kuikuza ili rangi zikae sawa. Kinapokuzwa kilicho kidogo, chembe zake nazo hukua. Basi chaneli inayotufaa zaidi hapa ndiyo chafu zaidi. Hilo halikwepeki, ila linadhibitika.

Dawa ni kusafisha kabla ya kuvuta, wala si baada. Ukivuta kwanza kisha ukalainisha, chembe zimekwisha kuwa nyeusi na nyeupe, na kulainisha kutazitapanya tu. Ukiwa kwenye Blue copy ambayo bado haijaguswa, tumia Filter > Blur > Surface Blur. Radius ya pikseli 4 au 5 inatosha kwa picha ya ukubwa wa kawaida. Threshold iwe chini kabisa ya ile tofauti ya 26. Mimi huanza na 8. Surface Blur huzichanganya pikseli zinazokaribiana thamani na kuziacha zile zinazoachana sana, kwa hiyo chembe za hatua 2 au 3 zinayeyuka na mpaka wa hatua 26 unabaki umesimama. Gaussian Blur nayo ingeondoa chembe, lakini ingeula na ukingo.

Ile 16 Bits/Channel inasaidia hapa. Haileti habari ambayo picha ya JPEG haikuwa nayo, lakini ukilainisha ndani ya biti 16, wastani kama 70.4 unahifadhiwa. Ndani ya biti 8 ungefanywa 70, na ukivutwa mara 14 ungetoa ngazi zinazoonekana.

## Upande wa mwanga umetoka vizuri, lakini penye kivuli mkoba na meza vimeungana. Kwa nini?

Hapa ndipo wengi huacha njia hii wakidhani haifai, na ndipo panapohitaji kueleweka vizuri.

Kivuli kikiangukia meza, hupunguza mwanga wa chaneli zote kwa uwiano mmoja. Tuseme ni kivuli kinachokata nusu ya mwanga. Ile mbao iliyokuwa na Blue 88 inashuka. Haishuki hadi 44, kwa sababu namba za picha hazipandi sambamba na mwanga halisi. Inashuka hadi karibu 62. Na 62 ndiyo thamani ya ngozi ya mkoba penye mwanga. Kwa macho ya chaneli ya Blue, meza iliyo kivulini na mkoba ulio mwangani ni kitu kimoja kabisa. Hakuna mstari wa Curves utakaowatenganisha, kwa kuwa Curves huipa thamani ile ile jibu lile lile, popote ilipo kwenye picha.

Zile alama nne tulizoweka mwanzo zilikuwa kwa ajili hii. Ukiona meza ya kivulini inasoma sawa na mkoba wa mwangani, jua mapema kwamba chaneli ya RGB peke yake itakuangusha upande huo.

Kinachotakiwa ni kipimo kinachotenganisha rangi na kiasi cha mwanga. Lab Color hufanya hivyo. Chaneli ya L hubeba mwanga peke yake. Chaneli ya a hubeba mvutano wa kijani na nyekundu, na b hubeba mvutano wa buluu na njano. Tukizigeuza namba zetu, mkoba penye mwanga una b takriban 27, na meza penye mwanga takriban 18. Penye kivuli cha nusu mwanga, mkoba unashuka hadi karibu 21 na meza hadi karibu 14.

Ziweke kwenye mstari mmoja: meza 14 na 18, mkoba 21 na 27. Hazigongani. Meza yote, ya mwangani na ya kivulini, haizidi 18, na mkoba wote hauko chini ya 21. Kile kilichoshindikana kabisa kwenye Blue kimewezekana kwenye b. Chaneli ya a kwa picha hii haina faida, kwani mkoba na meza vinapishana kwa karibu hatua moja tu. Kwa jani la kijani lililo mbele ya majani mengine ya kijani hali huwa tofauti, ndiyo maana hupimwa kila mara.

## Basi kwa nini tusitumie Lab tangu mwanzo na kuachana na Blue?

Kwa sababu b ni nzuri kwa kujua kipi ni kipi, lakini ni mbovu kwa ukingo.

Picha nyingi za JPEG huhifadhi rangi kwa undani mdogo kuliko mwanga. Mtindo ulioenea, 4:2:0, huhifadhi rangi kwa nusu ya upana na nusu ya urefu wa picha. Maana yake kila kundi la pikseli nne lina kipimo kimoja cha rangi. Mwanga wenyewe unabaki kamili. Blue, kwa kuwa imechanganyika na mwanga, bado ina ukingo mkali kiasi. b imetengwa na mwanga, kwa hiyo inabaki na ule ukali wa nusu, pamoja na vile vijisanduku vya mgandamizo wa JPEG. Ivute kwa Curves, ukuze hadi asilimia 300, utaviona vimejipanga kando ya mshono wa mkoba kama matofali.

Isitoshe, nafasi ya kuvuta ni finyu. Kati ya 18 na 21 kuna hatua 3 tu.

Kwa hiyo mimi huzipa kazi tofauti. Blue inachora ukingo wote wa upande wa mwanga. b inaletwa kwenye ukanda wa kivuli peke yake.

## Ninaunganishaje Blue na b?

Picha ikiwa tayari katika 16 Bits/Channel, chagua Image > Duplicate upate nakala ya faili nzima. Kwenye nakala hiyo nenda Image > Mode > Lab Color. Fungua Channels, bofya b kwa kitufe cha kulia, chagua Duplicate Channel, na kwenye sehemu ya Destination uchague ile faili ya kwanza. Ipe jina b kivuli. Rudi kwenye faili ya kwanza. Utaikuta chini ya Blue copy.

Lainisha kwanza, kwa Gaussian Blur ya pikseli 2 hivi. Hapa Gaussian Blur inakubalika, kwa kuwa ukingo wenyewe haukuwa mkali wa kuogopwa, na vile vijisanduku vinahitaji kuyeyushwa.

Kisha Curves. Chaneli ya b ikionekana kama kijivu, sifuri yake iko kwenye 128. Kwa hiyo meza ya kivulini yenye b 14 inasoma 142, na mkoba wa kivulini wenye 21 unasoma 149. Kwa kuwa tutaitumia kivulini tu, hatuna haja ya kuijali meza ya mwangani. Weka nukta ya chini kwenye Input 143 na ya juu kwenye Input 148. Mkoba utakuwa mweupe moja kwa moja, kwani una b kubwa kuliko meza. Usigeuze kwa Ctrl+I. Hilo ni kosa jepesi kufanya baada ya kuzoea Blue, na utaligundua ukiona kipande cha kivuli kimekaa kinyume na maski nyingine.

Sasa, ukiwa kwenye Blue copy iliyokwisha kuvutwa na kugeuzwa, zungushia Lasso ukanda wa kivuli. Uteuzi ukiwa bado upo, bofya b kivuli, bonyeza Ctrl+C, bofya Blue copy, bonyeza Ctrl+V. Kipande kinatua mahali pale pale. Penye kiungo cha chaneli hizo mbili patakuwa na kovu dogo. Lipake kwa brashi laini, nyeupe kwa ndani na nyeusi kwa nje.

## Kuna sehemu ya ukingo inang'aa, na haionekani kwenye chaneli yoyote. Nifanye nini?

Penye mng'ao, ngozi haionyeshi tena rangi yake. Uso laini unarudisha mwanga wa taa kama ulivyo, kwa hiyo pale unaona rangi ya taa. Ukingo wa meza uliopakwa vanishi ukirudisha taa hiyo hiyo, vitu viwili vina rangi moja kwa kweli, wala si kwa kukaribiana. Hakuna chaneli itakayotoa habari ambayo haikuingia kwenye kamera.

Hapo tumia Pen Tool. Kwa kawaida ni sentimita chache za mkunjo unaoweza kuukisia kutokana na ukingo ulioonekana kabla na baada yake. Chora kipande hicho, ukigeuze kuwa uteuzi kwa Ctrl+Enter, ujaze kwenye Blue copy.

Kama mng'ao haukufuta ukingo bali umeufifisha tu, jaribu brashi iliyowekwa Mode: Overlay kwenye chaneli, yenye rangi nyeupe na Opacity ya asilimia 20 au 30. Brashi ya namna hiyo huusukuma kijivu cha mwanga kuelekea nyeupe na kukiacha cheusi kabisa kama kilivyo. Pitisha polepole kando ya ukingo, upande wa ndani. Ukiona ukingo unaanza kutambaa nje kuelekea mezani, simama, umezidisha.

## Je, naweza kutumia Curves bila kugusa chaneli?

Ndiyo, na kwa mtu anayekata kwa kalamu hii ndiyo njia ninayoipendekeza zaidi. Weka leya ya Curves juu ya picha kupitia Layer > New Adjustment Layer > Curves. Ndani yake chagua Blue badala ya RGB, na uusimamishe mstari kati ya 50 na 100. Picha itageuka rangi kwa namna ya kutisha: mkoba penye mwanga utabaki karibu na kahawia yake, lakini meza itaelekea zambarau. Ni leya ya muda tu. Picha yenyewe iliyo chini haijaguswa.

Sasa una ukingo unaoonekana waziwazi. Chora kwa Pen Tool ukiufuata. Au chukua Quick Selection, uwashe Sample All Layers, na itasoma zile rangi zilizotenganishwa badala ya zile za asili. Ukimaliza, futa leya ya Curves, uteuzi unabaki.

Faida yake ni kwamba hutegemei maski iliyotokana na chembechembe. Hasara ni kwamba nyuzi, manyoya au nywele haziwezi kuchorwa kwa kalamu, na kwa vitu hivyo itakubidi urudi kwenye chaneli.

## Nimekata, lakini nikiweka kwenye nyuma nyeupe kuna uzi wa kahawia kuzunguka mkoba.

Huo ni mbao iliyobaki kwenye pikseli za ukingoni, ambazo tangu mwanzo zilikuwa nusu mkoba na nusu meza. Kufanana kwa rangi hapa kunakusaidia: ukiuweka mkoba kwenye nyuma nyeusi au ya kahawia, uzi huo hauonekani kabisa, na sioni haja ya kuushughulikia. Kwenye nyeupe ndipo unapojitokeza.

Bofya maski, fungua Select and Mask, upeleke Shift Edge kwenye asilimia -15 hivi. Tazama hasa mshono na mkanda wa mkoba: mkanda mwembamba huanza kuliwa kabla ya kitu kingine chochote. Ukiona unakonda, rudisha, kisha uupake mkanda huo peke yake kwa brashi. Decontaminate Colors ipo pia humo ndani, lakini kwa rangi zilizokaribiana hivi mara nyingi haibadilishi mengi, kwa kuwa rangi inayoondolewa na inayowekwa zinakaribia kuwa moja.

## Ninafanyaje hivi kwenye GIMP?

Kwa chaneli ya Blue, fungua paneli ya Channels, lakini usiinakili hapo tu. Njia rahisi zaidi ni Colors > Components > Decompose, ukichagua RGB. GIMP inafungua picha mpya ambamo kila chaneli ni leya ya kijivu. Kwa b, fanya Decompose tena ukichagua LAB. Kabla ya yote hayo, picha iweke kwenye biti 16 kupitia Image > Precision.

Chagua leya unayoitaka, uilainishe, kisha Colors > Curves, na Colors > Invert inapohitajika. Ikishakuwa nyeusi na nyeupe, inakili kwa Ctrl+C. Rudi kwenye picha ya asili, weka Layer > Mask > Add Layer Mask, bofya maski, Ctrl+V, kisha bofya alama ya nanga chini ya paneli ya Layers ili kilichobandikwa kiingie ndani ya maski. Namba za b usizichukue kutoka kwenye majibu ya juu. Pima leya hiyo ya kijivu yenyewe, kwenye mkoba na kwenye meza, uzitumie hizo.

## Nitajuaje mapema kwamba picha fulani haitakatika kwa njia hii?

Chora uteuzi mdogo wa mraba unaolala juu ya mpaka, nusu yake mkoba, nusu yake meza. Fungua paneli ya Histogram na uangalie chaneli moja baada ya nyingine. Ukiona vilima viwili vyenye bonde katikati, chaneli hiyo itakata, na mahali pa bonde ndipo pa kuweka mstari wako wa Curves. Ukiona kilima kimoja kipana, chembechembe zimeizidi tofauti ya rangi, na kila utakachovuta kitatoa mchanga.

Kama ni kilima kimoja kwenye Red, Green, Blue, a na b zote, usipoteze jioni yako. Chukua Pen Tool. Na kama kitu bado kiko mbele yako na kamera iko mkononi, washa taa ndogo nyuma yake upande mmoja ili ukingo upate mstari wa mwanga, upige upya kwa RAW badala ya JPEG, kisha urudie kipimo hicho cha vilima kabla hujakiondoa kitu hicho mezani.